Nilikoroga kilo kumi za chumvi kwenye baraza ya dada yangu

Kipande kilianguka saa nane mchana. Dada alikuwa ndani anakuna nazi, akasikia kishindo akadhani paka kaangusha sufuria, kutoka nje anakuta pande la zege saizi ya sinia dogo limelala pale pale anapokaaga jioni kuchambua mchicha. Akanipigia simu, salamu hakuna wala nini, "Mdogo wangu, njoo uone baraza yako." Akasema yako, hakusema yangu. Na kweli ilikuwa yangu maana nondo zile nilizifunga kwa mkono wangu na zege lile nililikoroga mimi.

Mi ni fundi wa kujenga hapa Lindi, mwaka 2012 nilipomjengea dada baraza ile nilikuwa nishafanya kazi miaka kama sita hivi na nilijiona nimeiva. Nyumba yake iko upande wa Mitwero, bahari unaiona ukisimama mlangoni, kusi likivuma unaonja chumvi kwenye midomo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu, nguzo nne, bimu za kuunganisha nguzo, halafu juu slabu ya mita tano kwa tatu ili baadae waweke tenki la maji. Nondo za milimita 12 kwenye bimu na nguzo, ringi za 6 za kuzifunga nondo pamoja, resho moja mbili nne, yaani saruji moja mchanga mbili kokoto nne, kama tulivyofundishwa na kila mtu anavyofanya. Ilikula mifuko 17 ya saruji. Wakati huo huo tulimalizia na lenta za ndani, zile bimu za juu ya milango, kwa mchanga ule ule, hizi zikumbuke maana nitazirudia.

Sasa mchanga. Ilikuwa masika, tipa za kuleta mchanga wa juu huko bara zilikuwa zinakwama, shemeji alikuwa na likizo ya wiki mbili tu na anataka aondoke kazi imeisha, basi kuna vijana wanachota mchanga ufukweni wanakuletea mpaka mlangoni kwa nusu ya bei. Nikaenda kuuangalia. Bwana wee, mchanga ule ulikuwa mzuri! Mweupe, hauna tope, hauna mizizi, ukiufikicha kiganjani mkono unabaki msafi kabisa. Na sisi mafundi kipimo chetu cha mchanga ni hicho hicho, unafikicha, mkono ukichafuka unaukataa, mkono ukibaki safi unashusha. Kwa kipimo kile mchanga wa bahari unafaulu kuliko mchanga wowote duniani kwa sababu bahari imeuosha tope lote, ila sasa imeuosha kwa chumvi, na kiganja hakijui kupima chumvi.

Kokoto nazo zilikuwa za matumbawe, yale mawe ya pwani yanayogongwa na kina mama kwa nyundo. Maji tukachota kisima cha jirani, maji ambayo ukiyanywa yana ukakasi wa chumvi kwa mbali, watu wanayatumia kufulia tu. Kwa hiyo vitu vitatu kati ya vinne vilivyoingia kwenye zege lile vilitoka na chumvi yake.

Sikuwa mjinga kabisa, niliuliza. Nilimuuliza fundi mmoja mkubwa aliyenifundisha kazi, nikamwambia mzee wangu huu mchanga wa bahari hauna neno? Akacheka akaniambia, "Wewe kijana, Kilwa kule wamejengea nini? Wameagiza mchanga Ulaya?" Hapo nikanyamaza, maana hoja ile sikuwa na jibu lake. Kilwa Kisiwani tunaijua wote, Msikiti Mkuu upo, Husuni Kubwa ya karne ya 14 kuta zake zimesimama mpaka leo, mawe ya baharini na chokaa, na mchanga bila shaka wa pale pale. Nikashusha tripu mbili.

Miaka minne ya kwanza hakuna kitu. Baraza nzuri, dada anajisifia kwa mashoga zake. Mwaka 2016 nikaenda kwenye shughuli ya mtoto wake nikaona chini ya bimu ya mbele kuna ufa mwembamba kama unywele, umenyooka toka nguzo mpaka nguzo kama mtu kaupiga kwa uzi. Na pembeni ya nguzo moja kuna michirizi ya kahawia kama chai imemwagika. Nikasema plasta hiyo, jua linapiga sana huku mbele.

Hapa nisimame kidogo maana hili laiti ningelijua siku ile. Ufa wa plasta unajulikana, unatawanyika kama utando wa buibui au kama tope lililokauka kwenye mlambo, hauna mwelekeo. Ufa wa nondo kuoza unafuata nondo, kwa hiyo chini ya bimu utaenda mstari mmoja ulionyooka urefu wote, kwenye nguzo utasimama wima karibu na kona kwa sababu nondo iko kona, na kwenye slabu wakati mwingine unaona miraba miraba kwa chini, yaani unasomewa mchoro wa nondo bila kubomoa. Ukiona ufa umenyooka halafu una kahawia, hiyo ni nondo inakuambia iko wapi.

Mwaka 2017 ufa ukawa unaingiza ukucha na sehemu moja zege likaanza kutoka vipande. Nikafanya kile ambacho mafundi wengi tunafanya. Nikabomoa sehemu iliyooza tu, urefu wa kama mkono mmoja, nikasugua nondo kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, nikachanganya zege safi, safari hii mchanga wa juu kabisa na maji ya bomba, nikaziba, nikapiga plasta na rangi. Ikapendeza. Dada akanipikia ndizi na samaki.

Haikufika miaka miwili. Na kilichonichanganya kiraka changu kilikuwa kizima kabisa, hakina hata alama, ila zege la zamani upande wa kushoto na wa kulia wa kiraka ndo lilipasuka, tena haraka kuliko lilivyokuwa linakwenda kabla sijagusa. Pande lililoanguka 2019 lilitoka karibu sentimita 20 tu toka mwisho wa kiraka. Nikaanza kuwaza mambo mengine, wengine pale mtaani wakasema nyumba ina mkono wa mtu.

Kuna mzee mmoja mstaafu, maisha yake yote alifanya kazi maabara za barabara kupima zege na lami, nikaenda kwake. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, "Mchanga mlichota wapi mwanangu?" Nilipomjibu akatikisa kichwa akachukua nyundo ndogo tukaondoka.

Alianza kwa kugonga. Anagonga kidogo kidogo kwenye bimu huku kainamisha sikio, zege zima linalia ti, ti, ti, kavu, kama unagonga jiwe, halafu ghafla inabadilika inakuwa bu, bu, kama unagonga papai. Hapo anachora kwa chaki. Alipomaliza bimu ile ilikuwa na chaki zaidi ya nusu, na sehemu kubwa ya zile zenye chaki kwa macho zilikuwa nzima, rangi haijachubuka hata kidogo. Ndani zege lilikuwa limeshaachana na nondo.

Tukaweka mirunda chini ya bimu na slabu kwanza, hilo alilisisitiza sana, usibomoe kabla hujategemeza, halafu tukafungua. Ringi nyingi kwenye kona zilikuwa zimekatika kabisa, nilizivuta kwa vidole zikatoka kama biskuti. Ringi ndo zinakufa mwanzo kwa sababu mbili, nyembamba halafu ndo ziko nje kabisa karibu na hewa, na mi kava, yaani lile zege linaloifunika nondo kwa nje, nilikuwa nimeweka milimita kama 15, pengine hata 10 maana vitofali vya kava tulikuwa hatuweki, tulikuwa tunaweka vikokoto tu chini ya nondo tukimwaga zege vinakimbia. Nondo za 12 zenyewe zilikuwa za ajabu. Sentimita 30 nzima nondo mpya kabisa ina ule weusi wa bluu wa kiwandani, halafu unakutana na shimo, kama panya kaing'ata upande mmoja. Mzee akatoa kalipa akapima kwenye shimo lile, ikasoma milimita 8. Akaniuliza imebaki kiasi gani? Nikasema si theluthi mbili. Akasema hapana, nguvu ya nondo inahesabiwa kwa eneo la kukata, nane mara nane ni 64, kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144, hapo imebaki chini ya nusu. Na bimu ile juu yake kuna tenki la lita elfu moja. Nilitoka jasho, tenki tulilimaliza maji siku ile ile.

Tukakaa kwenye mkeka wa dada akaanza kunielewesha, na alielewesha vizuri kiasi kwamba nitajaribu kusema kama alivyosema.

Akaniuliza saruji mbichi ukiishika bila glavu siku nzima mikono inakuwaje? Nikasema inachubuka. Akasema ndiyo, kwa sababu zege ni kali kama magadi, na hata likishakauka ule ukali unabaki kwenye vijitundu vyake vidogo vyenye maji maji. Chuma kikikaa kwenye ukali ule kinajitengenezea ngozi nyembamba mno, huioni kwa macho, na ngozi ile ndo inakizuia kuoza. Ndo maana nondo ukiiacha nje inaota kutu ndani ya wiki, lakini ndani ya zege zuri inakaa miaka 50 bila neno. Sio kwamba zege linazuia maji yasiifikie, maji yanaifikia, ila ngozi iko.

Chumvi inapoingia, ile sehemu yake inayoitwa kloraidi inaitoboa ngozi ile. Haiitoi yote, inatoboa kijisehemu kimoja, na pale ilipotoboa chuma kinaliwa kwa kasi kwa sababu nondo nzima iliyobaki yenye ngozi yake inasaidiana na lile tundu kama betri, upande mmoja unaliwa upande mwingine unapokea. Ndo maana shimo na sio kutu sawasawa. Na kloraidi haiishi! Hili ndo lilinitisha kuliko yote. Inasaidia chuma kuyeyuka, halafu inaachiwa, inarudi kuanza upya, chumvi ile ile. Kwa hiyo usiseme ngoja itakula mpaka iishe, haiishi, chuma ndo kinaisha. Zege halipasuki kwa sababu ya chumvi yenyewe, linapasuka kwa sababu kutu inajaa kuliko chuma kilichoitengeneza, mara mbili mpaka mara sita kwa ujazo, ikikosa nafasi inasukuma kava lako nje.

Nikamuuliza sa mbona ilikaa miaka minne kimya? Akasema saruji yenyewe inashika sehemu ya kloraidi na kuifunga, haiiachii yote ielee, pili kutu mpaka ijae kiasi cha kupasua inachukua muda, kwa hiyo unapoona ufa wa kwanza ujue kazi ilianza zamani.

Halafu tukapima. Mzee yule hapendi maneno bila hesabu. Akanituma pale pale ufukweni walipochota vijana, nikaleta ndoo ya mchanga mbichi. Tukapima kilo 5 kwenye mizani ya duka, tukaukaanga kwenye kikaango cha chapati cha dada (analalamikia hicho kikaango mpaka leo) mpaka ukawa unatiririka kama unga, tukapima tena, kilo nne na nusu. Nusu kilo ilikuwa maji ya bahari, yaani katika kila kilo 100 za mchanga ule kuna lita kumi hivi za maji ya bahari.

Sasa kwa resho ya moja mbili nne, mfuko mmoja wa kilo 50 unakula kama lita 70 za mchanga, ndoo tatu na nusu za lita 20, ambazo uzito wake ni kilo 100 na kidogo. Maana yake kila mfuko wa saruji nilioukoroga niliutia nusu ndoo ya maji ya bahari bila kuiona. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kila lita. Lita kumi, gramu 350. Weka na kokoto za matumbawe ambazo zina matundu na zimenyonya chumvi mpaka ndani, weka na maji ya kisima kile, mzee akakadiria gramu 600 kwa mfuko. Kiwango kinachotumika Uingereza na Ulaya kwa zege lenye nondo za kawaida ni kloraidi isizidi 0.4 kwa kila 100 ya uzito wa saruji, na kuna wanaobana zaidi ya hapo. Kwa mfuko wa kilo 50 hiyo ni gramu 200 za kloraidi, ukiigeuza iwe chumvi ya kula ni kama gramu 330. Haifiki hata pakiti ya nusu kilo ya dukani. Kwa hiyo mchanga peke yake ulikuwa umeshanifikisha ukingoni kabla sijagusa kokoto wala maji.

Mifuko 17 mara gramu 600, zaidi ya kilo kumi. Akaniambia mwanangu ungekwenda dukani ukanunua pakiti 20 za chumvi ukazipasua moja moja kwenye zege la dada yako watu wangesema umerogwa, na ndicho ulichofanya.

Nikakumbuka kumuuliza Kilwa. Nilijua nimempata. Akasema nenda Kilwa ukanitafutie nondo moja kwenye Husuni Kubwa. Hakuna. Mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kwa matumbawe, na dari zilibebwa na boriti za mikoko, mti ambao umezaliwa ndani ya maji ya chumvi. Hamna chuma cha kuliwa mule. Chumvi imo tele kwenye kuta zile lakini haina cha kula, kinachosumbua ni unyevu na plasta kumomonyoka. Na ndo jibu la tofali pia, kuna watu wanafyatua tofali za mchanga wa bahari zinasimama miaka, ukuta unatoa ule ungaunga mweupe, rangi inabanduka, lakini hauanguki kwa kutu sababu tofali halina nondo. Fundi wangu hakusema uongo, alilinganisha vitu viwili ambavyo sio ndugu.

Kuhusu kiraka changu alinieleza na hilo. Pale palipokuwa panaoza, nondo ile ilikuwa inaliwa kwa niaba ya majirani zake, yaani lile shimo lilikuwa linawakinga wa pembeni wasiliwe. Mi nikaja nikapasafisha nikaweka zege lisilo na chumvi, pale pakapona, lakini majirani bado wamelala kwenye zege la chumvi na aliyekuwa anawabebea mzigo kaondoka, wakaanza kuliwa wao. Tena kiraka kizuri ndo kinazidisha. Ndo maana chumvi ikiwa imekorogwa ndani ya zege lote kiraka hakifai kitu, unatoa lote au unaliacha huku umetegemeza.

Na kava je, ningeweka nene ingesaidia? Kwa chumvi inayotoka nje na upepo wa kusi, ndiyo, sana, maana chumvi ikipenya taratibu ukiongeza kava mara mbili muda wa kufika kwenye nondo unaongezeka kama mara nne. Lakini hii yangu haikuwa na safari, ilikuwa imeshakaa juu ya nondo toka siku ya kwanza. Kava ingechelewesha hewa na unyevu tu kidogo.

Tukabomoa baraza yote. Tukajenga upya nguzo moja moja, mirunda imesimama muda wote, nondo mpya, mchanga wa juu, kokoto za mawe magumu ya bara, kava milimita 40 kwa vitofali tulivyofyatua wenyewe, resho moja na moja na nusu kwa tatu, maji ya bomba, na kulimwagia maji ya bomba hayo hayo siku saba. Jirani aliniletea ndoo ya maji ya kisima kunisaidia kumwagia nikamkatalia, akanuna.

Mchanga nao kuna mtego ambao nusura uninase mara ya pili. Kuna wauzaji wanakuambia huu wa mto, na kweli wameuchota mtoni, ila wameuchota chini huko Lukuledi inakoingia kwenye ghuba, kwenye mikoko, bahari ikijaa maji yanapanda mpaka pale. Mchanga wa mto lakini umelala kwenye maji ya chumvi. Sasa hivi sinunui bila kupima. Nachukua chupa ya maji ya kunywa, nusu mchanga nusu maji, natikisa sana, naacha utulie, naonja. Ukisikia chumvi, rudisha tipa. Usiposikia bado sio cheti, ulimi unakamata ule mbaya sana tu. Binti wa dada anafundisha kemia sekondari, siku moja alinipimia kwa silva naitreti, maji ya mchanga wa ufukweni tone moja tu yakageuka tui zito, ya mchanga wa juu yakawa na ukungu kidogo kama maji ya bomba yenyewe yalivyo. Lazima ulinganishe na maji uliyoanzia maana nayo yana kloraidi yake.

Watu wananiuliza si unaosha tu? Unaweza. Uingereza wanachota mchanga na kokoto chini ya bahari kwa meli, wanaosha, wanapima, wanajengea. Ila kuosha sio kumwagia mpira juu ya lundo. Ukimwagia juu chumvi inashuka inakaa chini ya lundo, halafu saidia fundi akifika chini kule anakupakilia mchanga wenye chumvi kuliko mwanzo. Na kuanika juani ndo kabisa, jua linachukua maji linakuachia chumvi yote. Mimi nilijaribu kwenye pipa, kilo 100 za mchanga kwa lita 50 za maji baridi, unakoroga kwa beleshi, unachuja mpaka uishe kutiririka, unabaki na zile lita kumi za unyevu lakini chumvi yake imebaki moja ya sita. Ukirudia mara ya pili moja ya 36, gramu 350 zimekuwa kumi. Kwa hiyo mara mbili inatosha kwa mchanga, kwa matumbawe haitoshi sababu chumvi iko ndani ya matundu ya jiwe na haitoki kwa kukorogwa dakika mbili. Shida ni maji, lita 100 kwa kila mfuko wa saruji, nyumba ya mifuko 100 ni lita elfu kumi za maji ya bomba, na kwa mgao wetu huu wa Lindi utaoshea mchanga au utaogea? Kwa bei hiyo tipa ya kutoka bara inakuwa rahisi. Mchanga wa ufukweni pia ni mwembamba wa saizi moja, unakunywa maji mengi ya kukorogea, zege linakuwa na vijitundu vingi, hata ukiosha hilo halitoki.

Zimebaki lenta za ndani. Zile za 2012, saruji ile ile mchanga ule ule, siku ile ile. Mzee alizigonga akasema hizi ziacheni, ziko kwenye kivuli na ukavu, chumvi bila unyevu inakwenda pole pole sana, lakini msiwekee bomba la maji karibu na kila mwaka mgonge. Nikienda kwa dada siku hizi kabla sijakaa natoa nyundo, ananiambia kaa kwanza unywe chai daktari wewe. Ya sebuleni inalia ti, ti. Ya vyumbani ti, ti. Ya jikoni, pale mvuke wa sufuria unapopanda, mwezi uliopita kona ya kulia nilirudia kugonga mara tatu, nikamwita dada aje asikilize na yeye.